Kasoro za programu ya mizani: Mwenye fedha akae mezani

Kila mwaka, kwa kawaida ifikapo mwezi Mei, macho ya wanunuzi wa pamba huelekea Simiyu. Mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu yake Bariadi, ni ngome ya zao hilo nchini, na mara bei dira inapotangazwa fedha nyingi hushuka vijijini katika muda wa wiki chache. Wafanyabiashara huuliza bei, huuliza mvua ilivyokuwa, huuliza hali ya barabara za Meatu na Itilima. Ni wachache wanaouliza programu inayopokea uzito kutoka kwenye mizani ya chama cha msingi imeingia msimuni ikiwa na kasoro ngapi zinazojulikana, na ni nani aliyeamua ziachwe.

Swali hilo linamhusu mwenye mtaji kuliko anavyodhani. Hakuna programu inayofunguliwa bila kasoro. Siku chache kabla ya msimu, daftari la kasoro la kampuni yoyote inayotengeneza programu za ununuzi linaweza kuwa na mambo arobaini au sitini, na muda uliobaki unatosha kutengeneza kumi tu. Lazima watu wakae na kuchagua. Kikao hicho mafundi hukiita kikao cha kuchambua kasoro, na mtu wa Bariadi hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu kuchambua anakujua: safi huku, fifi kule, uchafu nje. Hata neno la Kifaransa ambalo mafundi wa Ulaya walilichukua kwa ajili ya kikao hiki lilitumika zamani kwa kupanga sufu na kahawa kwa madaraja, kabla madaktari wa vita hawajalipeleka kwa majeruhi.

Tatizo ni kwamba katika kampuni nyingi uchambuzi huo hufanywa na pande mbili tu. Upande mmoja ni wapimaji wa programu, ambao kazi yao ni kuitafuta kasoro kabla mteja hajaiona. Upande wa pili ni watengenezaji walioiandika. Wote ni mafundi, na wote hawalipi chochote kasoro ikipita. Anayelipa ni mkulima, karani wa AMCOS au mnunuzi aliyetanguliza fedha, na hao hawapo chumbani.

Ili jambo hili lieleweke, ichukuliwe hesabu ya mfano. Mnunuzi mmoja anafanya kazi na AMCOS 40 katika wilaya za Bariadi na Itilima. Kila chama kinapima mara 60 kwa siku, na kila mzigo ni wastani wa kilo 80. Karani anapima, simu yake inapokea uzito kutoka kwenye mizani, anabonyeza kutuma, na taarifa inakwenda kwenye seva ya mnunuzi. Malipo humfikia mkulima kwa simu. Bei iwe Sh. 1,150 kwa kilo. Zimebaki siku kumi msimu ufunguliwe, na katika daftari kuna kasoro nne ambazo kikao lazima kiziamue asubuhi hiyo.

Kasoro namba 9 inahusu ripoti ya kufunga msimu. Wakulima wakizidi idadi fulani, programu inazimika kabisa na ripoti haitoki. Mpimaji ameiandika kuwa kali, na ni kweli, kwa kuwa programu inayokufa ni jambo kubwa kwa kipimo chochote cha ufundi. Namba 14 ni mzigo unaoingia mara mbili kwenye vitabu mtandao unapokatika. Namba 17 ni neno moja: stakabadhi ya mkulima inachapisha “fifi” mahali palipotakiwa kuandikwa “safi”, ingawa bei na fedha ni sahihi. Namba 22 ni desimali: mizani inasoma kilo 86.4, programu inaandika 86.

Hapa ndipo kosa la kwanza la vikao vingi linapoonekana. Daftari lina safu moja tu ya kuonyesha ukubwa wa kasoro, na kila mtu anaijaza kwa maana yake. Kwa hakika yanatakiwa mambo mawili tofauti. La kwanza ni ukali, yaani kasoro inaharibu nini inapotokea, na hilo ni la mpimaji kulisema kwa sababu ameiona. La pili ni zamu, yaani itengenezwe lini kuliko nyingine, na hilo ni la mwenye biashara. Ripoti ya kufunga msimu ni kali sana, lakini haitahitajika mpaka miezi ijayo, hivyo zamu yake ni ya mwisho. Neno “fifi” halina ukali wowote kwa macho ya fundi, ni neno moja la kubadilisha. Lakini mkulima wa Lagangabilili aliyetumia siku tatu kutenga pamba yake nyeupe na chafu akiona stakabadhi inamwita fifi, hatasubiri kuelezwa kwamba fedha ni zilezile. Atarudi na majirani zake, na siku ya kwanza ya ununuzi itavunjika. Hiyo inakwenda mbele ya foleni, na hutengenezwa kwa dakika kumi.

Kasoro hizo mbili zikiamuliwa hivyo, kikao kimetumia dakika tano. Ubishi wenyewe uko kwenye namba 14.

Ubishi huo unajulikana na kila aliyewahi kukaa katika vikao hivi, kwa maana hurudiwa karibu neno kwa neno. Mtengenezaji, aliyeunganishwa kwa simu kutoka Dar es Salaam, anasema: “Dada, nimejaribu mara ishirini hapa, haijirudii hata mara moja. Kwangu inafanya kazi. Tuifunge.” Mpimaji aliyetoka kijijini jana yake anajibu: “Kaka, wewe mtandao wako haukatiki. Njoo Itilima saa nane mchana tukajaribu pamoja.”

Wote wawili wanasema kweli. Karani anapobonyeza kutuma, taarifa inaondoka na kufika kwenye seva, na seva inaiandika. Kisha seva inatuma jibu la kupokea, na jibu hilo ndilo linalopotea njiani kwa sababu mtandao umekatika katikati. Simu ya karani haijui kama taarifa ilifika au haikufika. Inamwambia ajaribu tena. Anabonyeza tena, na seva inapokea mzigo wa pili wa kilo 86.4, ikiamini ni mzigo mpya. Dar es Salaam, ambako jibu hurudi kabla kidole hakijaondoka kwenye kioo, jambo hili halitaonekana hata likijaribiwa mara elfu moja.

Kwa sababu hiyo, taarifa ya kasoro iliyoandikwa “mizigo inajirudia wakati mwingine” haina thamani, na watengenezaji wana haki ya kuirudisha. Hapa lawama si ya upande mmoja. Mpimaji anayeleta mstari mmoja bila kueleza simu ilikuwa aina gani, toleo lipi la programu, mtandao upi na hatua zipi zilifuatwa, anapoteza asubuhi ya watu sita. Namba 14 ingeandikwa vizuri hivi: pima mzigo, bonyeza kutuma, zima data ndani ya sekunde mbili, subiri ujumbe wa kushindwa, washa data, bonyeza tena, kwenye kitabu cha ghala kutakuwa na mizigo miwili ya mkulima mmoja, uzito mmoja, ikipishana dakika moja au mbili. Kwa hatua hizo fundi wa Dar es Salaam ataiona akiwa kwenye meza yake kabla ya chakula cha mchana.

Akishaiona, hoja yake hubadilika. Sasa anasema haina madhara, kwa kuwa mfumo wa malipo ya simu umewekewa kizuizi na haumlipi mkulima yule yule mara mbili ndani ya muda mfupi. “Hakuna shilingi iliyopotea,” anasema, “ni kitabu tu kinachosoma vibaya.” Wapimaji wengi hushindwa hapo, kwa sababu wamefundishwa kutafuta kasoro na hawakufundishwa kuifuatilia mpaka mfukoni mwa mtu.

Hesabu yake ni nyepesi. Mzigo mmoja kati ya 200 ukijirudia, AMCOS 40 zenye mizigo 2,400 kwa siku zitapata marudio 12. Kwa chama kimoja hiyo haifiki hata mara moja kwa siku. Lakini kwa siku 60 za ununuzi, kila chama kitakuwa na marudio 18, yaani kilo 1,440 ambazo kitabu kinasema zimo ghalani na ghalani hazimo. Lori likipimwa kiwandani, upungufu unaonekana. Mnunuzi anaangalia kitabu, anaangalia mzigo, na anamuuliza karani pamba ya Sh. 1,656,000 imekwenda wapi. Karani hana la kujibu. Hakuiba, na wala hajui kwamba kubonyeza kwake mara mbili ndiko kulikozaa deni hilo.

Linalozidisha ugumu ni kwamba pamba hupungua yenyewe. Ikikaa ghalani inakauka, na kila mnunuzi huvumilia upungufu wa kiasi fulani. Kasoro kama hii hujificha ndani ya uvumilivu huo kwa wiki nyingi, mpaka inapozidi. Njia ya kuzitenganisha ipo, na mnunuzi yeyote anaweza kuitumia bila fundi. Kukauka hupunguza mzigo wote kidogo kidogo, na chama chenye pamba nyingi hupungukiwa zaidi kwa uwiano ule ule. Mizigo iliyojirudia hutoa upungufu usiofuata wingi wa pamba peke yake. Huwa mkubwa zaidi kwenye vyama vyenye mtandao mbovu, na ukifunguliwa kitabu zitakutwa jozi za uzito unaofanana, jina moja, dakika zinazofuatana. Mkulima anaweza kuleta mizigo miwili kwa siku. Kuleta miwili yenye kilo 86.4 na kilo 86.4 ndani ya dakika mbili si jambo la kila siku.

Atakayeona kuwa haya ni ya kutishia watu bure na aangalie yaliyotokea Uingereza. Shirika la Posta la nchi hiyo lilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama Fujitsu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 wakuu wa vituo vidogo vya posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo, kwa ushahidi uliotoka kwenye kompyuta. Wengine walifungwa, wengine walilipa upungufu kutoka mifukoni mwao na kufilisika. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuzaa upungufu wa namna hiyo, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hatia hizo kwa jumla.

Kwa mada hii, jambo la kutazama zaidi ni kikao kimoja cha mwaka 2010. Iligunduliwa kasoro katika toleo jipya la Horizon: mtu wa kituo akifunga hesabu zenye tofauti kwa mfuatano fulani wa kubonyeza, tofauti hiyo ilitoweka kwenye kioo chake, ikabaki kwenye vitabu vya makao makuu. Vituo vilivyoguswa vilikuwa kama 60. Watu wa Posta na wa Fujitsu walikaa kama inavyotakiwa, wakaeleza chanzo, wakaorodhesha njia tatu za kusawazisha hesabu. Kwa ufundi kilikuwa kikao kizuri. Lakini katika orodha ya madhara waliandika pia kwamba habari ikijulikana sana vituo vingepoteza imani na mfumo, na kwamba kesi zilizokuwa mahakamani zingeweza kuathirika. Kasoro ilitengenezwa. Watuhumiwa waliokuwa wanabishia hesabu za mfumo huo huo hawakuelezwa wazi kuhusu mambo hayo, na mashtaka yaliendelea.

Tofauti ya karani wa posta ya Uingereza na karani wa AMCOS wa Itilima ni ndogo. Wote wawili wanabeba upungufu ambao kitabu kimeuandika. Ndiyo sababu kasoro yoyote inayogusa kilo au shilingi haifai kuamuliwa na watu ambao hawatamtazama karani huyo usoni.

Kwa mfano wa Bariadi, basi, kikao kilichopangwa vizuri kingekwenda hivi. Orodha inatumwa jana yake jioni, ikiwa na kasoro mpya tu na zile zilizorudishwa, si daftari zima. Wanaokaa ni watu wachache: mpimaji mmoja mwenye kuzijua kasoro hizo, mtengenezaji mmoja mwenye uwezo wa kusema kazi itachukua muda gani, mtu wa huduma anayepokea simu za makarani, na mwakilishi wa mnunuzi au wa vyama ambaye ana mamlaka ya kusema “hii naikubali” na jina lake liandikwe. Huyu wa mwisho ndiye anayeongoza. Makampuni mengi humpa uenyekiti mkuu wa watengenezaji kwa kuwa anajua zaidi, na hilo ni sawa na kumpa mwenye ng’ombe kazi ya kukadiria shamba lililoliwa.

Kila kasoro inapewa dakika tano. Ikizidi, inatoka mezani ikiwa na majina mawili ya watu watakaoizungumza pembeni na kurudi kesho. Maamuzi yanayoruhusiwa ni machache: itengenezwe kabla ya kufungua, itengenezwe baadaye kwa tarehe inayotajwa, iachwe kwa sababu inayoandikwa, irudishwe kwa mpimaji ikaelezwe zaidi, au iunganishwe na nyingine ambayo ni ile ile. “Tutaiangalia” si uamuzi. Daftari lililojaa “tutaiangalia” lina maana kwamba kikao hakikufanyika, watu walikutana tu kunywa chai.

Kuna jaribu moja ambalo mwenyekiti lazima alikatae, nalo ni mafundi kuanza kutengeneza kasoro kwa maneno. Kwenye namba 14 litakuja mara moja. Mtengenezaji mmoja atapendekeza kitufe cha kutuma kifungwe kwa sekunde thelathini baada ya kubonyezwa. Mwingine atasema hiyo haitoshi, kwani karani akizima simu na kuiwasha kitufe kitafunguka. Dawa ni simu kuupa kila mzigo namba yake ya pekee wakati mizani inaposomwa, na seva ikiona namba ile ile mara ya pili ijibu “nimeshapokea” bila kuandika upya. Wa pili ndiye mwenye haki, na mafundi wa malipo wameitumia njia hiyo kwa miaka mingi. Lakini mjadala huo ni wa mafundi wawili kwenye meza yao. Kikao kinachotakiwa kukijua ni kwamba njia ya kwanza inachukua saa moja na haizibi tundu lote, na ya pili inachukua siku mbili na inagusa kila mzigo unaopimwa.

Hilo la mwisho ndilo linalomfanya mtengenezaji asite, na kusita kwake si uvivu. Zimebaki siku kumi. Badiliko linalogusa kila mzigo linaweza kuvunja kitu kilichokuwa kizima, na kasoro mpya iliyozaliwa siku mbili kabla ya kufungua ni mbaya kuliko ya zamani inayojulikana. Wapimaji hawapendi kuisikia hoja hiyo, lakini mara nyingi ni ya kweli. Jibu lake ni kuipa kazi tarehe ya mapema: badiliko limalizike siku ya tatu, siku ya nne na ya tano lijaribiwe kwenye vyama viwili, kimoja chenye mtandao mzuri na kimoja chenye mtandao mbovu, na likishindwa siku ya sita lirudishwe toleo la zamani likiwa na njia ya pembeni. Njia hiyo ya pembeni lazima iandikwe kwa Kiswahili ambacho karani atakielewa: ukiambiwa imeshindikana, usibonyeze tena, fungua kwanza orodha ya leo uangalie kama jina la mkulima limo. Njia ya pembeni iliyobaki kichwani mwa mtu wa ofisini haimsaidii mtu aliye kwenye mizani.

Na anayeifunga kasoro si aliyeitengeneza. Mpimaji anarudia hatua zile zile, mara ishirini, akizima data, na mara tano nyingine akizima simu kabisa. Vitabu vikisoma mzigo mmoja kila mara, anaifunga yeye. Mtengenezaji anayejifungia kasoro zake ni sawa na anayejitilia sahihi ya mkopo na ya udhamini.

Imebaki namba 22, ile ya desimali, ambayo kwa fedha ni kubwa kuliko zote na ndiyo inayoletewa mzaha zaidi. Mtengenezaji anafungua karatasi ya makubaliano na kusoma: uzito utaandikwa kwa kilo nzima. Programu inafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo, anasema, hii si kasoro, ni ombi jipya, na ombi jipya lina bei yake. Mpimaji anasema kilo nzima haina maana ya kukata, ina maana ya kukaribisha, na 86.7 ilitakiwa kuwa 87. Hapo wanaweza kubishana mpaka jioni, kwa sababu wanabishania mkataba huku wakidhani wanabishania programu.

Mizani inayosoma desimali moja, ikikatwa, inapoteza kwa wastani gramu 450 kila mzigo. Kwa mizigo 2,400 ni kilo 1,080 kwa siku, na kwa bei ya mfano ni Sh. 1,242,000, kila siku, kutoka kwa wakulima kwenda kwa mnunuzi. Kwa siku 60 ni zaidi ya Sh. milioni 74. Mwakilishi wa mnunuzi aliyekaa mezani anaweza kujaribiwa kunyamaza, kwa kuwa kasoro hii inampa faida. Ni vema akumbuke kwamba Wakala wa Vipimo huhakiki mizani, mkulima huona kwa macho yake namba inayowaka juu ya mizani, na stakabadhi inayosoma tofauti na mizani ni ushahidi ulio mkononi mwake. Hata kukaribisha kwa haki, ambako kungesawazisha hasara na faida kwa jumla, kungeacha kila stakabadhi ikitofautiana na mizani. Kinachofaa ni kuandika 86.4 kama ilivyo, na kulipa 86.4.

Kikao hakina mamlaka ya kubadilisha mkataba, na hakipaswi kujifanya kinayo. Kinachoweza kufanya ni kuandika namba 22 kama ilivyo, kiasi chake kwa siku, jina la atakayeipeleka kwa wenye kutia sahihi, na siku ya kurudi na jibu, ambayo lazima iwe kabla mizani ya kwanza haijafunguliwa. Nani alipe saa za mafundi ni ubishi wao. Kazi hiyo ya siku moja haiwezi kugharimu zaidi ya kilo zinazopotea katika siku chache za mwanzo.

Mfanyabiashara wa Bariadi anayetaka kununua programu ya ununuzi, au mwekezaji mdogo anayefikiria kuweka fedha katika kampuni inayoitengeneza, ana kipimo kilicho rahisi kuliko maonyesho ya kioo cha rangi. Aombe daftari la vikao vitatu vya mwisho. Atazame kasoro zilizofungwa kwa maneno “haijirudii” na “ndivyo ilivyopangwa”, achague zile zinazotaja kilo, bei au malipo, na aulize kwa kila moja ni nani aliyekubali iachwe. Akiambiwa ni mkuu wa mafundi, aulize karani gani aliulizwa. Kama daftari halipo kabisa, mazungumzo ya bei yasubiri.